Ujuzi wa pili: pesa ya kwanza itaingia baada ya saa ngapi?

Watu walioajiriwa huniuliza mara kwa mara wasome nini jioni ili kipato kiongezeke. Kabla sijataja ujuzi wowote, huwauliza wana saa ngapi kwa mwezi. Sisemi saa za kwenye ratiba. Nasema saa ambazo umeshatoka kazini, mambo ya nyumbani yametulia, na kichwa bado kinaweza kushika jambo jipya. Jibu la kwanza huwa kubwa. Tukifungua kalenda ya mwezi uliopita na kuipitia wiki kwa wiki, linashuka hadi nusu, pengine chini ya hapo.

Nitaeleza kwa mfano wa mwenzangu mmoja, karani wa hesabu, ambaye ameniruhusu nimsimulie mradi nisimtaje jina. Alipata jioni nne za saa moja na nusu, na saa mbili za siku ya mapumziko, jumla saa 8 kwa wiki. Ila wiki ya kufunga hesabu za mwezi ofisini haina jioni. Anarudi nyumbani kulala. Zikabaki wiki tatu, yaani saa 24 kwa mwezi. Huo ndio mtaji wake wote, na kila kitu nitakachosema hapa chini kinapimwa kwa huo.

Kichwani alikuwa na mambo matatu: kutengeneza programu za tovuti, kuhariri video, na kusafisha na kulinganisha data za hesabu kwenye Excel. La tatu alilitaja mwisho, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona haya. Alihisi si ujuzi, ni kazi tu anayoifanya kila siku.

Ili tuyalinganishe tulihitaji kipimo kimoja. Tulichukua mshahara wake unaobaki baada ya makato, tukaugawa kwa saa zote ambazo ajira inamchukua, safari ya kwenda na kurudi ikiwemo. Tukapata thamani ya saa moja ya mshahara wake. Kuanzia hapo ada ya kozi, bei ya kifaa na malipo ya mteja vyote tuliviandika kwa saa za mshahara, si kwa fedha. Njia hii inaondoa ulevi wa namba kubwa. Kazi inayolipa fedha za kuvutia lakini inakula jioni sita inaonekana ilivyo: umeuza saa zako kwa bei ileile ya ofisini, au chini yake.

Kwa programu za tovuti nilikadiria saa 600 kabla mtu asiyekufahamu hajakulipa bila wasiwasi, na naona nilikuwa mpole. Gawa kwa 24, unapata miezi 25. Kwa video nilikadiria saa 120, yaani miezi mitano, lakini kompyuta yake isingehimili kazi hiyo, na kompyuta inayofaa ingemgharimu kama mshahara wa mwezi mzima. Kwa Excel nilikadiria saa 60, miezi miwili na nusu. Si kwamba Excel ni rahisi. Nusu ya ujuzi huo alikuwa nayo tayari: anajua kwa nini malipo yaliyoandikwa kwenye daftari la fedha hayajaonekana kwenye taarifa ya benki, anajua makato ya benki yanaingia wapi, anajua salio lisilopatana linaanza kutafutwa wapi. Mtu anayetoka nje ya fani hutumia mwaka kuyajua hayo, na kozi za kawaida za Excel haziyafundishi.

Kasi peke yake haitoshi, kwa sababu unaweza kujifunza upesi kitu ambacho hakuna anayekinunua. Na hapa kwenye kupima uhitaji ndipo nionapo watu wakijidanganya zaidi, hasa kwa kuhesabu matangazo ya kazi.

Ukisoma matangazo thelathini au arobaini ya kazi za ofisini, Excel itajitokeza karibu kila mahali. Hilo halina maana kwamba Excel inanunuliwa. Angalia imekaa wapi ndani ya tangazo. Ikiwa chini, kwenye orodha ya sifa za mwombaji, ni tiketi ya kuingilia tu. Hakuna atakayekuongeza hata senti kwa ajili yake. Ikiwa kwenye maelezo ya kazi yenyewe, ikiwa imefungwa na matokeo, mfano "kulinganisha miamala ya benki kila wiki" au "kuandaa ripoti ya wadaiwa kwa umri wa deni", hapo kuna mtu ana tatizo na ametenga fedha za kuliondoa. Anachonunua ni salio linalopatana. Excel ni chombo tu. Ujuzi unaouza ni ule unaoweza kuutaja kwa jina la tatizo la mteja bila kutaja programu unayotumia.

Matangazo yanayorudiwa nayo yana lugha yake. Tangazo likirudi baada ya mwezi huku malipo yamepanda au masharti yamelegezwa, kuna upungufu wa kweli wa watu. Likirudi lilelile, neno kwa neno, tatizo liko kwa mwajiri. Na kuna ishara moja ambayo mimi huiogopa: ukiona wanaouza mafunzo ya ujuzi fulani ni wengi kuliko wanaouza kazi yenyewe, kaa mbali. Video ilikuwa karibu na hapo. Ngazi ya juu wahariri wazuri wanalipwa vizuri, sina ubishi, lakini ngazi ya chini, ambako yeye angeanzia, wanaouza walikuwa wamejaa hadi mlangoni na bei inashuka kila mtu mpya anapoingia.

Kisha tukaenda kwa wanunuzi wenyewe. Nilimkataza kuuliza "je, ungelipia huduma hii?" kwa sababu watu ni waungwana, watasema ndiyo. Badala yake aliwaendea wenye biashara ndogo aliowajua kupitia kazi yake na kuwauliza mambo yaliyokwisha kutokea: mwezi uliopita nani alilinganisha miamala yako na benki? Ilimchukua muda gani? Mara ya mwisho hesabu ilipokosea, ilikugharimu nini? Mtu ambaye tayari analipa, kwa fedha au kwa usiku wake mwenyewe, ndiye mwenye uhitaji. Anayesema "hilo huwa hatufanyi" hana uhitaji hata kama anapaswa kuwa nao. Kumshawishi kwamba ana tatizo ni kazi nyingine, na hulipwi kwa ajili yake.

Mmoja alijibu bila kufikiri: "Dada, mimi hukaa na karatasi hizo kila tarehe kumi hadi usiku wa manane, na bado hazipatani." Huyo akawa mteja wa kwanza. Alimpa mwenzangu faili la mwezi uliopita kabla hata hajaanza kozi, wakakubaliana bei ndogo ya kuanzia, naye akalifanya kwa mkono, polepole.

Nalipenda sana jambo hilo la faili kabla ya kozi, kwa sababu lilimwonyesha asome nini na aache nini. Kozi za Excel zina kila kitu: chati za rangi, fomula za takwimu, namna ya kupamba jedwali. Faili la mteja lilikuwa na matatizo matatu tu, na ninavyoona mafaili ya biashara ndogo, matatu hayo yanajirudia kwa wengi.

La kwanza ni namba za risiti zisizokutana. Unaandika fomula ya kutafuta muamala kwenye ukurasa wa benki:

```
=VLOOKUP(A2,Benki!A:D,4,FALSE)
```

Inarudisha `#N/A`, yaani haikupata kitu, ilhali kwa macho unaiona namba hiyohiyo pande zote mbili. Sababu ya kawaida ni kwamba upande mmoja ni namba na upande mwingine ni maandishi yanayofanana na namba. Kama safu haijapangwa kwa mkono, utaitambua kwa kuona tarakimu zimelalia kushoto mwa seli badala ya kulia. Sababu ya pili imefichika zaidi: nafasi tupu iliyoganda mwisho wa neno, iliyokuja na data iliyonakiliwa kutoka ukurasa wa wavuti. `TRIM` pekee haiiondoi, kwa kuwa si nafasi ya kawaida, ina namba yake, 160. Inabidi uigeuze kwanza iwe nafasi ya kawaida:

```
=TRIM(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160)," "))
```

Na ile `FALSE` mwishoni mwa fomula ya kwanza usiiache. Bila hiyo Excel huridhika na jibu linalokaribiana, hivyo unapata namba isiyo sahihi bila onyo lolote. Afadhali `#N/A` mara mia.

La pili ni tarehe. Mfumo mmoja unaandika siku kwanza, mwingine mwezi kwanza, na 03/04 inasomeka siku mbili tofauti. Tarehe ya 25 haiwezi kugeuzwa mwezi, kwa hiyo hubaki maandishi na kosa linaonekana. Tarehe 1 hadi 12 hugeuka kimyakimya. Ndiyo maana mtu akisharekebisha zile zinazoonekana, nusu ya mwezi hupatana na nusu nyingine hukataa, akadhani kuna wizi.

La tatu ni kurudia kazi ileile kila mwezi kwa kunakili na kubandika. Hapo alijifunza Power Query, ambayo imo ndani ya Excel tangu toleo la 2016 na hailipiwi zaidi. Unaionyesha mara moja hatua za kusafisha faili: toa mistari mitatu ya juu, badili safu ya tarehe, unganisha na ukurasa wa benki. Mwezi unaofuata unaweka faili jipya mahali pa lile la zamani, unabonyeza kitufe cha kuonyesha upya, hatua zote zinajirudia zenyewe. Kati ya saa zake 60, karibu 35 ziliishia hapa. Chati hakugusa.

Sasa hesabu. Gharama yake ilikuwa saa 60 za kujifunza, saa 15 za kutafuta na kuzungumza na wateja, na ada ya kozi yenye thamani ya saa 5 za mshahara. Jumla 80. Bei ya kumtengenezea mteja mfumo wake kwa mara ya kwanza ilikuwa sawa na saa 12 za mshahara. Mteja wa kwanza alimchukua saa 12 kamili, kwa hiyo ziada ni sifuri. Wa pili saa 8, ziada 4, kwa kuwa hatua nyingi alizihamisha tu. Wa tatu saa 6, ziada 6. Jumla ya ziada kwa wote watatu ni 10. Akiishia hapo bado anadai 70, na mtu mwingine angesema ujuzi huu haulipi.

Ila kila mteja alibaki akilipa thamani ya saa 4 kwa mwezi kwa kazi ya kuendesha ripoti na kukagua yasiyopatana, kazi inayomchukua saa moja na nusu. Ziada ni saa 2 na nusu kwa mteja, saa 7 na nusu kwa wateja watatu. Gawa 70 kwa 7.5 na unapata miezi tisa na kidogo. Hapo ndipo saa zote, hata zile za kujifunza, zimelipwa kwa bei ya mshahara, na kinachoingia baadaye ni faida halisi. Fedha taslimu alizotoa mfukoni, yaani ada ya kozi, zilirudi na malipo ya kwanza.

Tofauti ya mistari hiyo miwili ya kurudisha gharama ina uzito. Mstari wa fedha zilizotoka mfukoni ndio wa kuuangalia kama una akiba ndogo, na ndio ulioiondoa video mezani: kompyuta ile ingemdai miezi mingi kabla haijajilipa. Mstari wa saa zote ndio unaokuonyesha kama ulikuwa na haja ya kusoma au ungeomba tu kazi ya ziada ofisini. Na uone kilichouamua: kujirudia kwa mteja. Ujuzi unaouzwa mara moja kwa kila mteja unakurudisha sokoni kila mwezi, na saa za kutafuta wateja hakuna anayezilipa. Nikiwa na chaguo mbili zinazokaribiana, nachukua ile ambayo tatizo la mteja linarudi kwa kalenda.

Kalenda hiyohiyo ndiyo ilimletea shida. Wateja wote watatu walitaka ripoti katika siku za mwanzo wa mwezi, na siku hizo ndizo za kufunga hesabu ofisini kwake, zile zisizo na jioni. Mwezi wa kwanza wa wateja watatu alilala saa chache mno. Tuliliona hilo kwenye kalenda na bado tukatarajia lingejipanga lenyewe, halikujipanga. Suluhisho lilikuwa la kibiashara: alibadili mkataba, ripoti ikawa inatoka kati ya tarehe 12 na 15, na alieleza sababu inayomfaa mteja, kwamba miamala ya mwisho wa mwezi mara nyingi huonekana benki siku kadhaa baadaye, kwa hiyo ripoti ya tarehe 2 huwa na mianya isiyo ya kweli. Wawili walikubali. Wa tatu aligoma, akaondoka, akapatikana mwingine. Unapochagua ujuzi wa pembeni, usitazame saa utakazohitaji pekee. Tazama zinahitajika lini, na kama kazi inayokulisha inazihitaji saa hizohizo.

Hitilafu nyingine ilikuwa ya kiufundi. Power Query inazitambua safu kwa majina. Karani wa mteja akibadili kichwa cha safu kutoka Tarehe kuwa Tarehe ya Malipo, mfumo unasimama:

```
Expression.Error: The column 'Tarehe' of the table wasn't found.
```

Kurekebisha ni dakika chache, lakini ujumbe huo humtisha mteja, naye hupiga simu saa za kazi. Baada ya mara kadhaa aliweka kwenye makubaliano kwamba vichwa vya safu havibadilishwi bila kumjulisha, na kwamba simu hujibiwa baada ya saa za ofisi. Ziada ile ya saa 2 na nusu huliwa na vitu kama hivi, si na kazi yenyewe. Ndiyo sababu nashauri uandike kila dakika ya mteja kwa miezi miwili ya mwanzo, simu zikiwemo.

Kuhusu mwajiri nitasema machache. Soma mkataba wako kama unakataza kazi ya pembeni au kuhudumia washindani, na usiwahi kutumia faili la ofisini kama sampuli ya kuonyesha wateja, hata ukifuta majina. Mwenzangu alitengeneza faili la kubuni lenye makosa yote matatu, na ndilo alilotumia kujinadi. Lilifanya kazi kuliko cheti, maana mwenye biashara aliona makosa yake mwenyewe ndani yake.

Malipo pia yana muda wake. Ukimaliza kazi leo na mteja analipa ankara baada ya siku 30, kasi yako imesogea mwezi mmoja. Kwa wateja wadogo aliomba nusu kabla ya kuanza, na hakuna aliyeshangaa. Ujuzi unaohitaji leseni au mtihani kabla hujaruhusiwa kuuza nao uongezewe muda huo wa kusubiri kwenye hesabu. Wapo wanaousahau kabisa.

Dari la ujuzi huu wa Excel ni fupi, na mwenzangu alilijua tangu mwanzo. Wateja watatu wanakula saa 4 na nusu kwa mwezi, angeweza kufika wanane kabla saa zake 24 hazijabana kwa kuendesha, simu na kutafuta warithi wa wanaoondoka, na bei haitapanda sana kwa sababu biashara ndogo zina kikomo cha kulipa. Programu za tovuti zina dari refu zaidi, na mtu mwenye akiba ya miaka miwili na subira anaweza kuchagua huko kwa haki kabisa. Yeye hakuwa na miaka miwili.

Saa zilizobaki sasa anazitumia kujifunza SQL, lugha ya kuzisoma data zilizo ndani ya hifadhidata. Hakuliokota jina hilo kwenye orodha ya ujuzi unaovuma. Mteja wake mmoja ana mfumo wa mauzo unaohifadhi data kwenye hifadhidata, na kila mwezi karani huzitoa kwa mkono kwenda Excel. Hatua hiyo ndiyo inayobadili vichwa vya safu na kugeuza tarehe. Akiweza kuzisoma data pale zinapokaa, nusu ya simu zinakufa. Mteja ameshauliza itagharimu kiasi gani.